Chromebook: kitufe cha kutafuta kimekaa mahali pa Caps Lock na kinanimezea vichwa vya habari

Mwandika Mihtasari

Habari za saa hizi, wanajukwaa. Nimekuwa nikichapa mihtasari ya vikao kwa miaka mingi kwenye kompyuta za Windows, na sasa nina wiki ya pili tangu nihamie kwenye Chromebook. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kitufe kimoja, kile chenye picha ya lenzi, ambacho kimewekwa upande wa kushoto juu ya Shift, mahali ambapo kidole changu kidogo kimezoea kukuta Caps Lock.

Mambo huenda hivi. Vichwa vya sehemu zote za muhtasari huandikwa kwa herufi kubwa. Nikifika kwenye kichwa, kidole kinagusa lenzi bila mimi kukituma, nami naendelea kuchapa huku macho yangu yako kwenye daftari la kikao. Nikiinua macho nakuta kisanduku cha kutafutia kimefunguka, ndani yake mna "yatokanayo na kikao kilichopita" kwa herufi ndogo, na kama nilikwisha kubonyeza Enter basi kivinjari kimenifungulia kichupo kizima cha matokeo ya utafutaji wa maneno hayo. Kwenye waraka wangu hakuna hata herufi moja.

Naomba kujua mambo mawili. La kwanza, je, Caps Lock imeondolewa kabisa au imefichwa mahali? La pili, sioni Delete, Home, End wala Page Up, na nimesikia kwamba ndani ya mashine kuna ukurasa unaoonyesha mikato yote ya kibodi, lakini aliyeniambia hakukumbuka unafunguliwaje.

Fundi wa Zamu

Haijaondolewa, imehamia kwenye vitufe viwili vinavyobonyezwa pamoja:

```
Alt + Search
```

Search ndicho hicho kitufe cha lenzi. Kwenye baadhi ya mashine badala ya lenzi kimechorwa duara dogo ndani ya duara kubwa, na maelezo mengi hukiita Launcher, lakini ni kitufe kilekile na kazi ni ileile. Ukivibonyeza pamoja utapata ujumbe kwamba Caps Lock imewashwa, na alama ya mshale unaoelekea juu itakaa pembeni chini ya skrini, karibu na saa. Usitafute taa kwenye kitufe chenyewe, kwa maana mashine nyingi za aina hii hazina, na mshale ule ndio taa yako. Kuzima, rudia vitufe vilevile viwili, au gusa Shift peke yake mara moja.

Kuhusu kisanduku kinachokumezea maneno, inafaa ujue kwamba kitufe cha lenzi hakifanyi kazi wakati kinapobonyezwa bali wakati kinapoachiwa. Ukikishikilia na kubonyeza kitufe kingine, mashine huelewa kwamba unataka mkato, nayo haifungui kisanduku. Ukikigusa na kukiachia bila kitu kingine katikati, kisanduku hufunguka na kila herufi inayofuata huingia humo. Mguso wa haraka wa mtu aliyezoea Caps Lock ndio hasa mguso unaokifungua. Ikikutokea, bonyeza Esc kabla hujafika kwenye Enter, na utarudi kwenye waraka wako.

Kidole Kimoja

Mbona mnamzungusha mwenzetu? Fungua Settings, ingia Device, kisha Keyboard, utakuta orodha ya vitufe na kila kimoja kina menyu yake. Kwenye mstari wa Search chagua Caps Lock, na habari imekwisha. Mimi nilifanya hivyo siku ya kwanza na sijapoteza kitu chochote. Kisanduku cha kutafutia nakifungua kwa kubofya lile duara lililo pembeni mwa rafu ya chini.

Fundi wa Zamu

Njia uliyoieleza ni sahihi, na ni kweli kwamba mpangilio huo upo. Hilo la kutopoteza kitu ndilo ninalolipinga, kwa sababu mwandishi wetu ameuliza pia juu ya Delete, Home na End, na majibu ya maswali hayo yote yanapitia kitufe hichohicho unachomshauri akigeuze. Kwa kawaida mambo yako hivi:

```
Search + Backspace     Delete
Search + ←             Home
Search + →             End
Search + ↑             Page Up
Search + ↓             Page Down
```

Lenzi ikigeuzwa kuwa Caps Lock, hakuna tena kitufe cha kushikilia ili kuipata mikato hii. Hebu jaribu sasa hivi, ndugu Kidole Kimoja. Weka kielekezi katikati ya neno, kisha ufute herufi iliyo upande wa kulia wake bila kugusa vishale wala padi ya kugusa, na utueleze umefanyaje.

Kidole Kimoja

Nimejaribu, na ninakiri kwamba nimekwama. Kwenye mashine yangu ya zamani nilikuwa nikitumia Alt pamoja na Backspace na ilifuta vizuri kabisa, ndiyo maana sikuwahi kuona pengo lolote. Kwenye hii mpya haifanyi kitu. Nilidhani kitufe kimechoka.

Toleo Jipya

Kitufe chako ni kizima. Mikato hiyo ya Alt ilikuwa ya mpangilio wa zamani, kisha kazi hizo zikahamishiwa kwenye Search, na ndiyo sababu ushauri wa miaka ya nyuma na wa leo unapingana bila mtoaji yeyote kuwa mwongo. Kwangu mimi, ukurasa uleule wa Keyboard unaniruhusu kuchagua kama Delete ipatikane kwa Search au kwa Alt, hivyo angalia kama kwako pia upo kabla hujakata tamaa.

Hesabu Hazilali

Nimefurahi kuona mada hii, kwa maana nami vitufe vya juu vinanitesa. Kwenye lahajedwali nimezoea kubonyeza F4 ili kuweka alama ya dola kwenye rejeleo la seli lisihame ninapoinakili fomula. Hapa hakuna F4. Nilihesabu vitufe vya juu, nikabonyeza cha nne, na skrini nzima ikajaa lahajedwali, vichupo vikatoweka pamoja na saa. Nilizima mashine na kuiwasha upya. Je, na mimi nibadilishe Caps Lock?

Fundi wa Zamu

La, swali lako ni jingine, ingawa jibu linarudi kwenye lenzi ileile. Ulihesabu sawasawa. Kitufe cha kwanza baada ya Esc ndicho F1, kinachofuata ni F2, na kuendelea hivyo kuelekea kulia. Kilichokosekana ni kushikilia Search wakati unakibonyeza. Bila Search, kitufe hufanya kazi iliyochorwa juu yake, na chako kimechorwa alama ya kujaza skrini, nacho kikatii. Kukibonyeza tena mara ya pili kungekurudishia vichupo vyako bila kuzima chochote.

Jihadhari tu na picha zilizochorwa, kwa sababu safu ya juu si moja kwa mashine zote. Chromebook za mwanzo zilikuwa na kitufe cha kurudi nyuma na cha kwenda mbele, na hapo kitufe cha kujaza skrini huangukia nafasi ya nne, yaani F4, kama kwako. Nyingi zilizokuja baadaye hazina kile cha kwenda mbele, hivyo kila kitufe kinachokifuata kimesogea nafasi moja na cha kujaza skrini kimekuwa F3. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba F4 ni kitufe cha picha fulani. Hesabu kutoka Esc kwenye kibodi iliyo mbele yako.

Kama siku nzima unashinda kwenye lahajedwali, ukurasa wa Keyboard una swichi ya kuifanya safu ya juu iwe F1 na kuendelea moja kwa moja. Ukiiwasha, mambo hugeuka, nawe utalazimika kushikilia Search ili kupunguza sauti au mwangaza.

Karani Mkongwe

Nirudi kwenye swali la pili la mwenye mada, ambalo naona limepitwa. Ukurasa wa mikato upo, na mimi nimekuwa nikiufungua tangu mashine hizi zilipokuwa ngeni. Bonyeza Ctrl na Alt, kisha kitufe cha mkwaju, kile chenye alama ya kuuliza. Picha ya kibodi nzima itatokea juu ya skrini. Sasa shikilia Ctrl na uangalie picha inavyobadilika, kwa maana kila kitufe kitaandikwa kazi yake kikibonyezwa pamoja na Ctrl. Achia, ushikilie Alt, na picha itabadilika tena. Hakuna namna bora ya kujifunza kuliko hiyo.

Toleo Jipya

Mzee wangu, vitufe ulivyotaja bado vinatajwa, lakini picha hiyo ya kibodi iliondolewa miaka mingi iliyopita. Sasa hufunguka dirisha lenye orodha, mikato ikiwa imegawanywa kwa makundi upande wa kushoto, na juu yake kuna kisanduku cha kutafutia. Ukishikilia Ctrl na kusubiri, utasubiri sana. Kwenye matoleo mapya nimezoea kulifungua dirisha hilo hivi:

```
Ctrl + Search + S
```

Na ikiwa vidole vimegoma kabisa, kwenye ukurasa wa Keyboard ndani ya Settings kuna mstari unaokupeleka hukohuko kwa mbofyo mmoja.

Karani Mkongwe

Nimefungua, ni kweli, kuna orodha. Basi nilikuwa nikitoa ushauri wa kumbukumbu. Hata hivyo sitaficha kwamba picha ile niliipenda zaidi, kwa sababu ilikuonyesha mikato ambayo hukujua kuiulizia. Kwenye kisanduku cha kutafutia lazima kwanza ujue unatafuta nini.

Fundi wa Zamu

Hapo mzee ana hoja, na mimi naikubali nusu. Kuna namna ya kuisoma orodha ile bila kutafuta, nayo ni kuingia kundi moja na kulipitia lote kwa macho. Kwa mtu wa kuchapa, kundi la maandishi ni fupi kiasi cha kusomwa kwa dakika chache, na ndani yake ndimo zilimo Delete, Home, End na Caps Lock.

Unapotafuta, tafuta jina la tendo na si jina la mahali. Mashine yako ikiwa kwa Kiingereza, ukiandika "caps" utaletewa mstari wa kuwasha na kuzima Caps Lock ukiwa na vitufe vyake vimechorwa pembeni. Ikiwa umeiweka kwa Kiswahili, orodha nayo huja kwa Kiswahili, hivyo kutafuta neno la Kiingereza kunaweza kukupa dirisha tupu na kukufanya udhani mkato haupo. Wengi wanaolalamika kwamba orodha haina kitu wamejikwaa hapo.

Mwandika Mihtasari

Nashukuru sana kwa maelezo haya. Nimejaribu, lakini nina jambo la kuuliza. Nikiwa ndani ya Google Docs nilibonyeza Ctrl na mkwaju, nikapata orodha ndefu ya mikato ya kuweka vichwa, kuandika maoni na kuhesabu maneno, lakini Caps Lock haimo na Page Up haimo. Je, nimefungua ukurasa tofauti na wenu?

Toleo Jipya

Ndiyo, ni tofauti, na kosa hilo ni rahisi kulifanya kwa sababu tofauti ni kitufe kimoja. Ctrl na mkwaju ni orodha ya Google Docs yenyewe, ungeipata hata kwenye kompyuta ya Windows. Ukiongeza Alt ndipo unapoitoka Docs na kuiuliza mashine. Orodha ya mashine nayo haijui kitu kuhusu programu zako, kwa hiyo mkato wa kuweka kichwa cha ngazi ya pili hutaukuta humo hata ukitafuta hadi asubuhi. Swali la kujiuliza kabla ya kufungua ni hili: jambo ninalolitaka lingefanya kazi hata waraka ukifungwa? Caps Lock ingefanya kazi, basi iko kwa mashine.

Nyundo na Tindo

Mimi ninaandika programu, na Caps Lock sijaigusa kwa hiari tangu nijue kuchapa. Lenzi nimeigeuza kuwa Escape kwa ajili ya kihariri changu, na sioni mtu anahitaji Caps Lock kwa kazi gani. Kwa vichwa vya habari andika kwa herufi ndogo, chagua mstari, kisha kwenye Docs ufuate `Format`, `Text`, `Capitalization`, `UPPERCASE`. Basi.

Mwandika Mihtasari

Ushauri huo nimeujaribu kwenye muhtasari wa jana wenye vichwa 11. Unafaa kwa anayekumbuka mwishoni kwamba alisahau, lakini kwa kila kichwa ni mibofyo minne ya kipanya na mikono inatoka kwenye kibodi. Nitaubakiza kwa ajili ya kurekebisha makosa.

Asiyeingia

Samahani kwa kuingilia. Asubuhi hii mashine yangu imekataa nenosiri mara tano, na nina hakika ni lenyewe. Je, linahusiana na mambo haya?

Fundi wa Zamu

Huenda likahusiana. Anayejipanga kubonyeza Alt na Tab anaweza kukosea safu moja na kugusa Alt na lenzi, kwa kuwa lenzi iko chini ya Tab moja kwa moja. Caps Lock ikiwa imewashwa, nenosiri lote linaingia kwa herufi kubwa nawe unaona nukta tu. Kwenye skrini ya kuingilia tazama kama kuna alama ya mshale unaoelekea juu kwenye kisanduku cha nenosiri. Ukiuona, gusa Shift peke yake, kisha andika upya.

Asiyeingia

Mshale ulikuwepo. Nimeingia. Sikuwahi kujua maana yake, nilidhani ni mapambo.

Hesabu Hazilali

Fundi, umesema Shift huzima Caps Lock. Sasa mtu anayeandika kichwa chenye nukta pacha au mabano, ambavyo vinahitaji Shift, si itamzimikia katikati ya kichwa?

Fundi wa Zamu

Haitamzimikia. Mashine huangalia kama kuna kitufe kingine kilichobonyezwa kati ya kushika Shift na kuiachia. Kikiwepo, kuachia kwake hakuhesabiwi. Ni Shift iliyoguswa na kuachiwa bila mwenzake ndiyo inayozima. Wanaopatwa na tatizo ni wale wanaoshika Shift, wakabadili mawazo, wakaiachia bila kuchapa kitu, kisha wakashangaa herufi zimekuwa ndogo.

Mgeni wa Nje

Kwangu mimi lenzi haipo kabisa, kwa sababu nimeunganisha kibodi ya kawaida ya Windows kupitia waya. Je, mikato yote hii sina?

Toleo Jipya

Unayo yote. Kitufe chenye nembo ya Windows ndicho kinachokuwa Search, na Caps Lock ya kibodi hiyo inabaki kuwa Caps Lock, pamoja na Delete na Home zake halisi. Kwenye matoleo mapya, ukurasa wa Keyboard huorodhesha kibodi ya mashine na ya nje kila moja kwa sehemu yake, hivyo unaweza kugeuza lenzi ya moja bila kuigusa nyingine. Mwenye mada, kama unachapa mezani muda mwingi, hili lingekumalizia shida bila kubadili tabia yoyote.

Mwandika Mihtasari

Vikaoni siwezi kubeba kibodi mbili. Naomba nitoe taarifa ya wiki moja ya majaribio.

Siku tatu za mwanzo nilifuata njia ya ndugu Kidole Kimoja na kuigeuza lenzi kuwa Caps Lock. Vichwa viliandikika bila matata. Lakini mihtasari yangu huwa na kurasa zaidi ya 20, na ninapohakiki huwa nakwenda mwisho wa mstari, nafuta herufi iliyo mbele, nashuka ukurasa. Kila mara mkono ulikwenda kwenye padi ya kugusa, na kazi ya saa moja ikawa ya saa moja na nusu. Siku ya nne niliirudisha lenzi kwenye kazi yake. Tangu hapo natumia Alt na Search kuanza kichwa na Shift kukimaliza. Kidole bado kinateleza, jana kimeteleza mara mbili, lakini sasa nikiona kisanduku nagusa Esc kabla ya Enter.

Limebaki moja. Kwa kwenda mwisho wa mstari, mkono wa kushoto unashika lenzi na wa kulia uko kwenye vishale. Nikiwa nimeshika daftari kwa mkono mmoja siwezi. Kuna mwenye njia ya mkono mmoja?

Kidole Kimoja

Mimi nimeibakiza Caps Lock yangu pale ilipo, na kwenye orodha ileile nimeifanya Alt kuwa Search. Sasa kuna Alt ya kulia karibu na vishale, na kwangu End napata kwa mkono mmoja.

Toleo Jipya

Na Alt pamoja na Tab unapata wapi?

Kidole Kimoja

Hapo ndipo bado ninapopatafuta. Kwa sasa nabadili madirisha kwa kile kitufe cha juu chenye mistari miwili pembeni mwa mraba. Kama kuna anayejua namna ya kugeuza Alt ya upande mmoja tu na kuuacha mwingine, anieleze, kwa maana kwenye orodha yangu naona mstari mmoja tu wa Alt.